"Haijawaka": maoni 23 juu ya lebo moja ya asali

Ujumbe wa kwanza uliingia saa mbili kasoro usiku, siku ya Jumanne. "Kijana wangu, kazi nzuri, hongera. Ila naona kama haijawaka." Dakika kumi hazijapita, binti yake anayeshika mauzo akaandika kwamba nyuki ni mdogo mno, hata haonekani. Asubuhi mama akatuma sauti ya dakika mbili na nusu, kuku wakisikika nyuma yake, akisema huyo nyuki aondolewe kabisa, wajukuu wanamwogopa. Saa sita mchana kijana wao wa usambazaji akatuma picha ya chupa ya asali ya watu wengine na maneno manne: "Kama hii ila tofauti."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Familia moja ya Dar es Salaam inaleta asali kutoka Tabora, inaipaki kwenye chupa za nusu kilo, na ilitaka lebo yenye urefu wa milimita 170 na kimo cha milimita 60, ya kuzunguka chupa na kuacha kijidirisha nyuma ili asali yenyewe ionekane. Niliipa siku tatu. Kila ujumbe ulipoingia nilifungua kompyuta, nikarekebisha, nikatuma. Nilijiona mchapakazi. Hadi Jumamosi nilikuwa nimepokea maoni 23 kutoka kwa watu wanne, nimefika toleo la saba, na toleo la saba lilifanana na la kwanza kuliko lilivyofanana na la nne.

Watu hudhani ubaya wa maoni ya dondandondo ni usumbufu tu. Usumbufu upo, lakini tatizo lenyewe limo ndani ya karatasi. Lebo ina eneo lake na haiongezeki. Ukiishika chupa mkononi, sehemu inayoonekana kwa mbele haizidi sana sentimita sita kwa upana. Humo ndimo mnagombania jina la bidhaa, nembo, picha na uzito. Upande mwingine upo msimbopau, ambao kipimo chake cha kawaida ni milimita 37.29 kwa 25.93 na unaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80 tu, yaani kama milimita 30 kwa 21. Ukipungua zaidi ya hapo, mashine ya dukani inaweza kukataa kuusoma. Kwa hiyo nyuki wa binti alipokua, jina lilirudi nyuma. Mama alipoomba iongezwe namna ya kutumia asali na tangawizi, maandishi ya uzito yakasukumwa pembeni. Kila ombi peke yake lilikuwa na akili. Ila mimi nilikuwa nayatekeleza moja moja, kama mtu anayepanga vitanda kwenye chumba kidogo bila kuambiwa wageni ni wangapi.

Kisha kuna la matoleo. Mama alikuwa akiitazama picha ya Jumatano, binti anatazama ya Ijumaa. Sauti yake ya tatu ililalamikia nyuki ambaye nilishamwondoa siku mbili kabla. Nikamrudisha, nikidhani anamtaka.

Jumapili nilisimamisha kila kitu, nikampigia binti. Si mzee, na hili nililifikiria. Mzee ndiye mwenye mali na neno la mwisho ni lake, lakini huwezi kumwambia mtu wa umri wa baba yako akakusanye maoni ya watoto wake akuletee. Nilihitaji mtu ambaye mzee anamsikiliza, anayeweza kumwambia mama "hapana" bila nyumba kuwaka moto, na anayejua kuandika ujumbe uliopangika. Katika nyumba nyingi mtu huyo yupo, na mara nyingi si yule aliyekupa kazi. Baada ya simu nilimtumia maneno haya:

"Dada, ahsante kwa mazungumzo. Nimekutumia faili moja, lebo_asali_v8.pdf. Hiyo ndiyo pekee ya kutolea maoni, zilizopita tuziache. Nimeweka namba 1 hadi 7 kwenye sehemu zake. Naomba uipitie na mzee, mama, kaka wa usambazaji, na mtu mwingine yeyote ambaye akisema hapana lebo haitachapwa. Kila mwenye neno ataje namba, aseme anaona tatizo gani na kwa nini. Mkipishana, naomba muamue hukohuko nyumbani kabla ya kunitumia. Nitashukuru nikipata yote katika ujumbe mmoja Alhamisi saa kumi jioni. Jumamosi nitakujibu hoja kwa hoja. Baada ya hapo utabaki mzunguko mmoja mfupi, wa makosa ya maandishi tu."

Nimeutumia ujumbe wa namna hiyo mara nyingi tangu hapo, na sentensi iliyonisaidia kuliko zote ni ile ya mtu ambaye akisema hapana lebo haitachapwa. Ukiuliza "nani anahusika?" utatajiwa wale wanaoonekana. Ukiuliza nani ana uwezo wa kuzuia, wanatokea wengine. Kwao alitokea shemeji wa Morogoro, aliyetoa pesa za chupa. Hakuna aliyewahi kunitajia jina lake, na bila shaka angejitokeza siku mashine ya chapa inapowashwa.

Namba kwenye picha ni jambo dogo lenye faida kubwa. Mtu akisema "hapo juu pembeni" juu ya lebo inayozunguka chupa, pembeni zipo nne. Akisema "namba 3" tunazungumza kitu kimoja. Faili nilituma kama waraka, si kama picha, kwa sababu WhatsApp hubana picha na maandishi madogo hupata ukungu. Utalaumiwa kwa ukungu usio wako.

Kuhusu tarehe: siku nne zilitosha. Ukitoa wiki mbili, faili inazama chini ya salamu za Ijumaa na michango ya harusi. Ukitoa siku moja, mzee yuko safarini. Na siku ikipita bila jibu, wapo wenzangu wanaoandika kwenye mkataba kwamba kimya ni ridhaa. Kwa kampuni kubwa huenda ikafaa. Kwa mteja mwenye heshima zake mimi siithubutu, maana kimya chake mara nyingi ni namna ya kukataa bila kukuvunjia uso. Ninachofanya ni kumkumbusha mara moja na kumweleza kwamba kila siku ya kuchelewa inasogeza siku ya kuchapa kwa siku hiyohiyo. Hapo hakuna ugomvi, ni hesabu tu.

Wala usitegemee kila mtu aandike. Mzee hakuandika chochote. Binti alikaa naye barazani, mzee akasema, yeye akaandika, kisha akamsomea alichoandika. Kule kumsomea ni muhimu, kwa sababu mtu akisikia maneno yake mwenyewe yakirudi, huyafuta mengine bila kuambiwa.

Alhamisi saa kumi na dakika ishirini ujumbe ulifika. Maoni 23 yalikuwa yamebaki tisa. Vita ya nyuki ilikwishia nyumbani: atabaki, mdogo, achorwe kwa mistari tu bila mwiba. Nisingeweza kuwaamulia hilo. Ningemsikiliza binti, mama angeona nimempuuza, na kinyume chake. Mapema kabisa dizaina anapaswa kukataa kuwa kadhi wa familia ya watu.

Ila hoja ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ileile ya Jumanne: "1. Mzee anasema bado haijawaka."

Kila anayefanya kazi hii anayajua maneno ya ukoo huo. Haijawaka. Haijakaa. Ichangamshe. Itie ladha. Iwe na mvuto. Wenzetu wanaofanya kazi kwa Kiingereza nao wana lao: wanaambiwa waifanye kazi iruke kama bisi kwenye sufuria. Tukikutana sisi wenyewe tunayacheka, na kicheko hicho hakijawahi kumsaidia mtu kumaliza kazi. Toleo la tatu lilikuwa jibu langu kwa "haijawaka": nilikoleza njano, nikazungusha ukingo wa dhahabu, nikaweka kivuli chini ya herufi. Mzee aliitazama kwenye simu akasema "sasa inakuja", kisha akaipeleka stesheni ya karibu ikachapwa, akasema imerudi kulekule.

Mtu akipeleka gari gereji akasema "linakuwa zito", fundi hamwongezei mafuta. Anauliza: zito ukiwa unaondoka, au ukipanda mlima? Mteja ameeleza anachokisikia, na amekieleza kwa usahihi. Asichokijua ni kifaa kipi kimeharibika, na si kazi yake kukijua. "Haijawaka" ni taarifa ya namna hiyo. Mzee hakuwa ameniagiza nikoleze rangi. Dawa hiyo niliibuni mimi.

Nikampigia. Kuna swali moja nililojifunza kuliepuka, nalo ni "unamaanisha nini?" Kwa mtu mzima swali hilo linasikika kama mtihani, na jibu lake huwa "basi, iache tu hivyohivyo", ambalo ni baya kuliko maoni yenyewe. Niliuliza mambo yanayoonekana kwa macho.

"Shikamoo mzee. Hivi ulipoiona haijawaka, ulikuwa umeitazamia wapi?"

"Dukani kwa rafiki yangu. Nilibandika ile karatasi kwenye chupa, nikaiweka kabatini pamoja na nyingine. Nikarudi nyuma hatua nne hivi. Sikuiona."

"Ulichokiona kwanza kilikuwa nini?"

"Siagi ya karanga. Ile ya karatasi nyeupe."

"Na ulipoitazama ya kwetu peke yake, jicho lilitangulia wapi?"

Akafikiri kidogo. "Kwenye jua."

Simu haikufika dakika tano. Mzee alikuwa amefanya jaribio ambalo mimi mwenye taaluma sikuwa nimelifanya: aliitazama lebo mahali itakapoishi, katikati ya majirani zake, kwa umbali wa mnunuzi. Mimi niliipenda peke yake, kwenye kioo cheupe, sentimita hamsini kutoka usoni. Nilikwenda siku ya pili kwenye duka hilo, nikasimama hatua nne. Kabatini zilikuwepo asali za aina tano. Zote zilikuwa na lebo ya njano au ya machungwa, zote zina nyuki au sega, na ndani ya kila chupa mna kitu cha rangi ya kahawia inayoelekea njano. Njano yetu juu ya asali ya njano, katikati ya njano nyingine nne. Hata ningeikoleza mara kumi ingebaki kuwa mmoja wa umati.

Hilo lilikuwa tatizo la nje. La ndani lilikuwa lile jua. Nilikuwa nimeweka picha ya machweo porini, duara jeupe linalong'aa katikati ya anga la machungwa. Jicho la binadamu huvutwa kwanza na mahali ambapo mwanga na giza vinakutana kwa ukali zaidi. Mahali hapo palikuwa ukingoni mwa jua, si kwenye jina la asali, ambalo nililiandika kwa kahawia juu ya machungwa. Tofauti ya mwangaza baina ya rangi mbili hupimika. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na hakuna inayozidi hapo. Viwango vya kimataifa vya maandishi ya kwenye skrini vinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa herufi za kawaida, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Vimewekwa kwa ajili ya skrini, lakini kwa dizaina wa karatasi ni kipimo kizuri cha kujikosoa. Nilipopima jina letu nilipata karibu 2.8. Mzee hakuwa na kipimo chochote isipokuwa macho yenye zaidi ya miaka sitini, na macho hayo yalisema kweli.

Asiye na programu ya kupima anaweza kuigeuza lebo iwe nyeusi na nyeupe tupu kwa simu yake. Kitakachofifia hapo ndicho kilichokuwa kikibebwa na rangi peke yake. Ya kwetu ilipogeuzwa, jina lilibaki kama vumbi juu ya ukuta wa kijivu, na jua likang'aa kama balbu.

Ndiyo maana pia toleo la tatu liliwaka kwenye simu likazimika kwenye karatasi. Simu hutoa mwanga wake yenyewe. Karatasi inarudisha tu mwanga wa chumba, na wino wa matbaa, ule mchanganyiko wa sayani, majenta, njano na nyeusi, haufikii baadhi ya machungwa na kijani kali ambazo skrini inaziweza. Anayetibu "haijawaka" kwa kukoleza rangi kwenye skrini anamdanganya mteja hadi siku ya kuchapa.

Toleo la tisa lilikuwa na uso wa rangi ya maziwa. Jua nililitoa. Jina nililitoa kwenye ukubwa wa pointi 18 nikalipeleka 30, kwa kahawia nzito kama buni iliyokaangwa, na tofauti yake ikapanda hadi kama 14 kwa 1. Nafasi ya jina kukua ilipatikana kwa sababu picha iliondoka, na niliweza kuiondoa bila hofu kwa kuwa katika maoni yote tisa hakuna mtu hata mmoja aliyeitetea. Hiyo ni faida nyingine ya kuyasoma pamoja: unaona na kile ambacho hakikutajwa.

Sikutuma lebo tupu. Niliipeleka kabatini kulekule, nikapiga picha mbili kutoka hatua nne, toleo la nane na la tisa, majirani walewale, taa ileile. Kisha nikaandika majibu kwa namba. La kwanza: mzee alisema haijawaka dukani, tazama picha mbili. La nne: nyuki amebaki, hana mwiba. La sita nililikataa. Kijana wa usambazaji alitaka mistari ya msimbopau iwe myekundu ili iendane na kifuniko. Nikamweleza kwamba mashine nyingi za dukani humulika mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo mstari mwekundu huonekana sawa na karatasi nyeupe, kwa hiyo mashine haioni kitu. Alijibu kwa kidole gumba. Mteja ukimkatalia kwa sababu inayogusa mauzo yake, hana haja ya kukununia. Ukimkatalia kwa "haipendezi", mnabishana ladha, na ladha kila mtu anayo.

Nimeulizwa kama kuna kamusi ya maneno haya. Sina, ila nina makisio. "Haijakaa" kwangu mara nyingi hutokea kuwa mistari isiyolingana au nafasi zisizo sawa baina ya vitu. "Iwe ya kisasa" huishia kwenye kupunguza aina za herufi, baada ya kumuuliza mtu ni pakiti ipi nyumbani kwake anaiona ya kisasa. "Ijae" ni hofu ya karatasi iliyoachwa wazi wakati imelipiwa. Hata hivyo kila mara nauliza tena uliona wapi, ulilinganisha na nini, jicho lilitangulia wapi, kwa sababu nimeshakosea kwa kujibu kutoka kichwani.

Na yapo maoni ambayo chini yake hamna kitu. Shemeji wa Morogoro alisema lebo "iongezewe kitu kidogo". Nilimuuliza maswali yale matatu kwa upole. Hakuwa ameiona dukani, hakuwa ameilinganisha na chochote, na jicho lake halikukwama popote. Alitaka kuhusishwa, na kwa pesa alizotoa ilikuwa haki yake. Nilimshukuru kwa muda wake, nikamweleza binti kilichotokea. Akacheka. "Huyo niachie mimi." Sijui walizungumza nini, ila lebo haikuongezewa kitu.

Mzunguko wa pili, ule wa makosa ya maandishi, ulileta mambo mawili. Neno "ihifadhiwe" lilikosa herufi moja. La pili aliliona mama, baada ya kuamua kuijaribu namba ya simu iliyo chini ya lebo ili aone kama inaita. Haikuita. Ilikuwa na tarakimu tisa badala ya kumi, na nilipofungua mafaili ya nyuma niliikuta hivyohivyo tangu toleo la kwanza, Jumanne ile, tulipokuwa sote tukimtazama nyuki.